Homa ya usiku Shela: kungoja alfajiri au kutoka sasa?

Kwetu Shela homa ya mtoto ikija mchana haina maneno mengi. Unavaa buibui, unambeba mtoto, na kama hukupata boti unafuata ufuo kilomita tatu hivi mpaka Lamu mjini. Ikija usiku ndipo nyumba nzima inageuka baraza la wazee. Boti zimefungwa, baba wa mtoto hayupo, na kila mtu ana kisa chake cha mtoto aliyepona kwa kungoja. Nimekaa kwenye baraza hilo na mtoto wa miezi saba mapajani, nikisitasita tangu baada ya Isha mpaka karibu saa sita, kwa hiyo wacha nieleze nilichokitazama na kilichonitoa nyumbani.

Mtoto alikuwa na mafua tangu jana yake na kikohozi kidogo. Baada ya Isha alichemka. Mavyaa wangu aliweka kiganja kwenye paji la uso akasema ni moto wa meno. Kiganja kinatosha kukwambia kwamba homa ipo, lakini kiwango chake hakikijui. Nilimweka kipimajoto kwapani, kikasoma 39.1. Mume wangu alikuwa bara, Mpeketoni, kwa kazi zake. Nyumbani tulikuwa mimi, mavyaa na shemeji yangu mdogo.

Kabla sijaendelea, neno moja kwa mwenye mtoto chini ya miezi mitatu. Hayo ninayoyaeleza ya kumtazama mtoto na kupima hali hayakuhusu. Mtoto mchanga wa umri huo akifika 38 anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ananyonya na anakutazama vizuri. Mwili wake mdogo haujajua kuonyesha ugonjwa. Maambukizi ya damu au ya uti wa mgongo yanaweza kuanza kwa homa peke yake bila dalili nyingine, au hata kwa mwili kupoa kupita kiasi.

Wangu alikuwa miezi saba, nikawa na nafasi ya kutazama. Nilianza na panadol ya maji. Hapa watu wengi huangalia umri kwenye kibandiko wakamimina kijiko cha chai, na vijiko vya nyumbani havilingani. Dawa hii hupimwa kwa uzito, miligramu 15 kwa kila kilo kwa mara moja ndio mwisho. Kijitabu cha kliniki kiliandika kilo 8, kwa hiyo ni miligramu 120, na chupa yangu ilikuwa na miligramu 120 katika kila mililita 5. Nilivuta mililita 5 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lile wanalokupa duka la dawa, nikaandika saa nyuma ya kijitabu. Hairudiwi mpaka zipite saa sita tangu dozi iliyotangulia, na kwa siku nzima haizidi mara nne. Soma pia chupa ya dawa ya mafua uliyonayo, maana nyingine zina paracetamol, ambayo ndiyo panadol yenyewe, na mama anampa mtoto dozi mbili bila kujua. Aspirini mtoto hapewi kabisa.

Nilimvua fulana ya sufu aliyovishwa, nikamwachia leso nyepesi. Mavyaa alitaka tumwogeshe maji ya mtungi. Nikamwambia, “Mama, maji baridi yatamtetemesha, na akitetemeka joto la ndani linazidi.” Akakubali tumpanguse shingo kwa maji ya uvuguvugu, basi.

Ilipopita saa moja kipimajoto kilisoma 37.8. Mavyaa akashukuru Mungu, akasema, “Umeona mwanangu? Imeshuka. Lala, asubuhi tutaona.” Na hapa ndipo penye mtego wa usiku mzima. Panadol inashusha joto la malaria, la nimonia na la mafua ya kawaida vilevile. Homa kushuka haikwambii mtoto ana nini, wala haikwambii kwamba ugonjwa umeondoka. Faida yake kubwa ni nyingine: inakupa mwanya wa kumwona mtoto bila pazia la joto. Mtoto mwenye 39 analegea na kupumua haraka hata kama ana mafua tu. Joto likishuka, mwenye mafua hukumbuka kucheka na kutafuta titi. Kwa hiyo saa ile joto limeshuka ndiyo saa ya kumtazama sawasawa, na wengi wetu ndiyo saa tunayozima taa.

Nilimpa titi. Alilishika, akavuta mara mbili tatu, akaliachia akihema, kisha akageuza uso. Nikampa la pili, vivyo hivyo. Hakulia. Hilo la kutolia mavyaa aliliona ni utulivu, mimi likanitia wasiwasi kuliko joto lenyewe. Nikamwita jina lake, nikatikisa funguo ambazo mchana hazimpiti. Alizitazama kidogo, macho yakarudi kufumba.

Nikaamua kuhesabu pumzi. Nilijifunza kwa mhudumu wa afya ya jamii aliyekuwa akipita nyumbani nilipojifungua, na ni kitu ambacho mama yeyote mwenye simu anaweza. Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala ananyonya. Unafunua fulana mpaka kifua na tumbo vyote vionekane, shemeji ashike taa kwa pembeni, uweke saa ya simu. Kila tumbo likipanda ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima. Ukihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili utadanganyika, maana pumzi za mtoto hazina mwendo mmoja. Hukimbia, hutua, halafu hukimbia tena.

Nilipata 58. Nikarudia baada ya kutulia, nikapata 56. Kwa mtoto wa miezi miwili mpaka mwaka, kuanzia 50 kwenda juu ni haraka mno. Kwa aliyetimiza mwaka mpaka miaka mitano ni kuanzia 40, na kwa mchanga wa chini ya miezi miwili ni kuanzia 60. Kisha nikaona jambo ambalo bila ile taa ya pembeni nisingeliona: kila akivuta pumzi, chini ya mbavu, pale kifua kinapokutana na tumbo, nyama ilibonyea kwenda ndani. Kwa kawaida pumzi ikiingia kifua na tumbo vyote hutoka nje. Kubonyea kunamaanisha mapafu yamekuwa mazito na mtoto anavuta hewa kwa nguvu zake zote. Ndiyo maana aliliachia titi. Hawezi kunyonya na kuhema kwa pamoja.

Hapo kwangu mimi mjadala ulikuwa umekwisha, lakini nyumbani haukwisha. Mavyaa alitaja nyuni, pepo wa ndege anayesemwa huwaletea watoto degedege. Alihofia mtoto ana ndege, na kwamba akitolewa usiku atashtuka apate degedege, tena hospitali watamdunga sindano, na “mwana mwenye degedege akidungwa haponi.” Maneno haya nimeyasikia tangu utotoni, na najua yanatoka wapi. Mtoto wa degedege la malaria kali hupelekwa kwa waganga kwanza, anafika hospitali amechelewa, sindano inakuwa kitu cha mwisho alichofanyiwa kabla ya kufa. Basi lawama inaibeba sindano.

Sikubishana naye. Nilimwomba amsomee dua kichwani huku mimi nafunga mkoba, na akamsomea kwa moyo wake wote. Kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa zikaoshwa ili zinywewe, nilimwambia liachwe mpaka tukirudi, maana mtoto anayehema vile ukimpa kitu cha kunywa kwa kijiko kinaweza kuingia njia ya hewa. Na kama angepata degedege njiani, nilimweleza shemeji la kufanya: tumlaze ubavu, tusimtie kitu mdomoni, si kijiko wala kidole, tutazame saa.

Hoja iliyokuwa na uzito kwake na kwangu ilikuwa njia. “Ngojeni alfajiri, maji yajae, boti zitembee.” Ndivyo tunavyofikiri watu wa visiwani, lakini usiku ule hesabu ilikuwa kinyume. Ilikuwa bamvua. Kwetu bamvua maji hupwa karibu saa nne za usiku na kujaa karibu saa kumi za alfajiri. Saa sita kasorobo ufuo ulikuwa bado mpana, unapitika kwa miguu mpaka mjini. Tungesita mpaka saa nane, bahari ingekuwa imefunika sehemu ya njia, na tungelazimika kumgonga mtu mlango atutolee boti, au kuzunguka juu kwenye mchanga. Mwenye mtoto mgonjwa kisiwani anapaswa kujiuliza mambo mawili kwa wakati mmoja: mtoto yuko vipi sasa, na hali ikibadilika baada ya saa mbili, njia itakuwaje? Kama jibu la pili ni baya, unatoka mapema kuliko mtu wa Malindi mjini ambaye tuktuk iko mlangoni.

Tulitoka, shemeji mbele na taa, mimi nimemweka mtoto wima kifuani chini ya leso, maana akilala chali alihema zaidi. Upepo wa kusi ulikuwa mkali, na huo mavyaa aliuogopa kuliko nyuni, lakini upepo hauleti nimonia.

Hospitali ya kaunti hapa Lamu, King Fahd, ina mtu zamu ya usiku. Nesi hakuuliza homa ni kiasi gani. Aliuliza ananyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Anaamka ukimwita? Ndizo dalili nne za hatari kwa mtoto, na moja tu inatosha kumpeleka usiku bila kungoja. Akahesabu pumzi mwenyewe, akambana kidole cha mguu kwa kile kibanio chenye taa nyekundu cha kupima hewa ya oksijeni. Kilisoma 88, na chini ya 90 mtoto huwekewa oksijeni. Nilimwonyesha saa ya panadol niliyoiandika ili asipewe nyingine. Damu ya kidole ilipimwa malaria, haikuonekana. Ilikuwa nimonia. Alidungwa sindano za antibiotiki, akalazwa.

Simaanishi kila homa ya usiku ni safari. Angekuwa, joto liliposhuka, amenyonya, amezitazama funguo, pumzi 40 na kifua hakibonyei, ningelala naye, nikiamka kila saa mbili kumpa titi na kuhesabu tena, na asubuhi ningempeleka akapimwe malaria. Hilo la kupima halirukwi hata akiamka anacheka, maana Pwani yetu ina mbu wa malaria na vimelea hupanda na kushuka. Mtoto anaweza kuwa mzima asubuhi na kuzidiwa jioni. Kupimwa ndani ya siku moja tangu homa ianze ndiyo kanuni.

Siku hizi nyuma ya kijitabu cha kliniki nimeandika uzito wa kila mwezi na mililita zinazolingana nao, namba za manahodha wawili wanaopokea simu usiku, na jioni homa ikianza namuuliza shemeji maji yatajaa saa ngapi kabla sijauliza jambo lingine lolote.