Pilau ya harusi imetuharisha nyumba nzima, tufanyeje?

"Wakuu habari za asubuhi. Jana tulikuwa harusini hapa Makorora, tulikula pilau saa tisa alasiri. Kuanzia saa saba usiku tunaharisha mmoja baada ya mwingine, tumbo linasokota, hakuna anayetapika wala mwenye homa. Ndani tuna bibi na mtoto wa mwaka na nusu. Jirani anasema tunywe flajili. Msaada tafadhali."

Poleni sana mkuu. Kabla hujasoma zaidi, chemsha maji, yakipoa koroga ORS, mtoto na bibi waanze kunywa, halafu urudi hapa.

Mi nimekuwa nesi zahanati huku Tanga kwa miaka mingi, na msimu wa harusi watu wa namna yenu wanakuja kwa makundi, wengine bado wana hina mikononi. Kitu cha kwanza nawauliza ni saa. Mmekula saa ngapi, imeanza saa ngapi. Mtu akila halafu ndani ya saa moja mpaka sita anatapika mfululizo, hapo mara nyingi sumu ilikuwa tayari imo kwenye chakula, labda wali uliolala nje au kuku aliyechambuliwa na mtu mwenye jipu kidoleni, na sumu ya hivyo hata ukipasha chakula kichemke haifi. Nyie ni tofauti. Saa tisa mpaka saa saba usiku ni masaa kumi, tumbo linasokota, kuharisha maji, kutapika hamna, homa hamna. Siwezi kuapa bila maabara, ila hiyo picha ni ya bakteria mmoja anaitwa klostridia, na makazi yake anayoyapenda ni sufuria kubwa la nyama.

Nikupe mfano wa shughuli moja ya mtaani kwetu Ngamiani, maana ilifanana sana na yenu. Pilau ilipikwa alfajiri kwa kuni, ikapaliwa makaa juu, saa mbili asubuhi ikaiva, ikateremshwa, ikafunikwa sinia na shuka nzito juu yake isubiri wageni mpaka alasiri. Mpishi ni msafi mno, maji safi, nyama ya asubuhi hiyohiyo machinjioni. Na bado usiku watu waliharisha, lawama zikaenda kwenye kachumbari. Nikaanza kuulizia kaya moja moja nani alikula nini. Kuna watoto hawakugusa kachumbari kabisa na wameharisha, na kuna akina mama waliokula kachumbari na samaki, pilau hawakuila, wako wazima. Na waliopakuliwa mapema, sufuria likiwa bado linatoa mvuke, hawakupata kitu. Kwa hiyo kachumbari ikaachiwa huru.

Kilichotokea ni hivi. Huyu bakteria akiona joto kali anajifungia kwenye ganda gumu, nyama inachemka na yeye yumo humo anangoja. Ukiteremsha sufuria, lile joto linashuka taratibu sana, pembeni panapoa lakini katikati kwenye minofu panabaki vuguvugu masaa na masaa, na shuka nayo inazidi kulizuia. Likishuka chini ya nyuzi 60 anaanza kuamka, na likifika kwenye nyuzi 43 mpaka 47 hivi anazaliana kwa kasi ya ajabu, karibu kila dakika kumi wanakuwa mara mbili. Hapo chakula hakinuki, hakichachi, ladha ni ileile, ndo maana nasema usimlaumu mtu kwa kutogundua.

Ukishakila, wengi wanafika utumbo mwembamba wakiwa hai, humohumo wanatengeneza tena maganda yao na wakati huo wanaachia sumu. Hiyo sumu inatoboa seli za ukuta wa utumbo, maji na chumvi za mwili zinamwagikia ndani, utumbo unabana kuzisukuma nje, ndo msokoto mnaousikia. Kuanzia kula mpaka sumu ianze kazi inachukua masaa sita mpaka 24. Kwa mtu mzima mwenye afya mara nyingi yenyewe inakwisha ndani ya siku moja.

Sasa flajili. Mkuu naomba msiinywe kwa hili. Sumu imeshatoka na imeshafanya kazi yake, dawa ya kuua bakteria haiirudishi, na vidonge vyenyewe vinaleta kichefuchefu mtu ashindwe hata kunywa maji. Dawa za kufunga tumbo nazo mtoto asipewe kabisa.

Kinachoumiza watu hapa ni maji yanayopotea, basi yarudisheni. ORS soma nyuma ya paketi, nyingi zinataka lita moja ya maji safi kwa paketi nzima, usigawe paketi kwenye glasi kwa kukisia. Ukikosa paketi, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa, visiwe na kilima. Sukari haipo kwa ajili ya utamu tu, ndo inayoivuta chumvi kupita ukuta wa utumbo na maji yanafuata, na huo mlango unaendelea kufanya kazi hata utumbo ukiwa umeumia. Soda na juisi sukari imezidi, zinaweza kuongeza kuharisha. Madafu ni mazuri ila chumvi yake ni kidogo, yawe ya ziada tu.

Mtoto wa umri huo apewe mililita 50 mpaka 100 kila akiharisha, kwa kijiko, polepole. Akitapika ngojeni dakika kumi muanze tena. Kama ananyonya aendelee kunyonya, na mpitie zahanati apate zinki, miligramu 20 kwa siku, siku 10 mpaka 14. Wakubwa nyweni kila mnapotoka chooni, na mkisikia njaa kuleni, uji, wali laini, ndizi. Maji yaliyobaki baada ya saa 24 mwageni mkoroge mapya.

Bibi ndo ananipa wasiwasi zaidi, wazee wanakauka kimyakimya na hawasemi kiu. Angalieni mkojo. Akipitisha nusu siku bila kukojoa, au akisimama anaona kizunguzungu, au anaongea vitu havieleweki, mpelekeni hospitali hapohapo. Mtoto ni macho kuingia ndani, kulia bila machozi, kulegea. Na kwa yeyote, damu kwenye choo, homa kali, kutapika kila anachokunywa, au siku tatu zimepita bado, nendeni. Choo kikiwa kama maji ya mchele na kinatoka kwa wingi bila kukoma, hiyo inaweza kuwa kipindupindu, msingoje hata kukuche, na ORS mnyweshane njiani.

Halafu kama kuna kiporo kwenye ndoo mlichofungiwa jana, mwageni chote, msipashe cha mchana. Kwa shughuli zijazo mwambieni mpishi pilau iive karibu na muda wa kupakua, au ibaki juu ya makaa yawakayo iwe ya moto kabisa, na itakayobaki itandazwe kwenye masinia, kina kisizidi vidole vitatu, ipoe haraka na iingie friji ndani ya masaa mawili.