Maini Jumamosi, omena Jumapili: jinsi nilivyoijua gauti yangu

Nilianza kuumwa usiku wa kuamkia Jumatatu, kama saa nane, nyumbani kwetu Kondele. Niliamka nikidhani nimechomwa na kitu kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Kilikuwa chekundu, kimevimba, na moto wake niliuhisi kabla mkono haujakifikia. Mke wangu alipojaribu kunifunika shuka nililia kwa sauti. Shuka tu, jamani, ndiyo iliyonishinda.

Ugonjwa huo ni gauti. Kwa Kiswahili cha kamusi unaitwa jongo. Nimeishi nao miaka kadhaa sasa, na nataka kuandika kuhusu jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa: maini, figo na samaki wadogo kama dagaa wanavyohusika, na pia mahali ambapo lawama yao inaishia.

Jumamosi ile tulikuwa kwenye matanga upande wa Siaya. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliokaa karibu na wachinjaji, na huko, kama mjuavyo, maini na figo huchomwa kwanza, yakaliwa na wazee kabla ya nyama kuiva. Nilikula sahani nzima. Kisha nikanywa supu, na jioni bia kadhaa. Jumapili nilirudi Kisumu, nikakuta omena waliokaangwa vizuri na ugali wa wimbi. Usiku huohuo kidole kikawaka.

Sasa tuangalie kilichokuwa ndani ya sahani hizo. Purini ni vipande vya ile kemia inayobeba urithi ndani ya kila chembe hai. Ini, figo na bandama ni viungo vyenye shughuli nyingi na chembe zilizosongamana, kwa hiyo gramu moja ya ini ina purini nyingi kuliko gramu moja ya paja. Mwili ukizivunja, mwisho wake ni asidi ya yuriki. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha kuivunja zaidi asidi hiyo, lakini sisi binadamu hatuna. Kwetu inabaki kutolewa, na kazi kubwa ya kuitoa hufanywa na figo. Ikizidi katika damu kiwango cha karibu 6.8 mg/dL, haiwezi tena kuyeyuka vizuri, na huanza kutengeneza fuwele kama sindano ndogo ndani ya maungo. Kidole gumba hupatwa mara nyingi, na sababu mojawapo ni kwamba kiko mbali na moyo na hupoa haraka, na fuwele hupenda penye baridi. Siku kinga ya mwili ikizishambulia fuwele hizo, ndiyo siku unayolilia shuka.

Vipimo vilivyochapishwa vinaonyesha kwamba ini la ng'ombe lina karibu miligramu 220 za purini katika kila gramu 100, figo zake karibu 175, na ini la kuku hupita 300. Nyama ya kawaida ya ng'ombe iko karibu na 100. Matumbo, yaani utumbo na kitambi tunavyovipika na ndimu, huwa karibu na nyama ya kawaida, si karibu na ini. Watu wengi huweka vyote kwenye kapu moja la "matumbo" na kuviogopa sawasawa, na wengine huyaacha matumbo yao na kuendelea na maini ya kuku. Hapo mambo yamegeuzwa.

Kuhusu omena, jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba samaki mdogo huliwa mzima: kichwa, tumbo, ini na mayai. Anayekula mbuta hula mnofu tu, lakini anayekula omena hula viungo vya ndani pia. Jambo la pili ni jua. Akikauka pale Dunga au Usenge, maji huondoka na purini hubaki, kwa hiyo kila gramu unayopimiwa sokoni ina purini nyingi zaidi. Wajapani wamepima dagaa wao waliokaushwa na kupata zaidi ya miligramu 700 katika gramu 100. Dagaa wao si omena wetu kwa jamii, lakini ni samaki wadogo, waliokauka, wanaoliwa wazima, na mimi nimeichukulia hiyo kama onyo. Sadini za kopo nazo ziko juu, ingawa hazifikii dagaa wakavu.

Katika Japani wagonjwa wa gauti hushauriwa wasipite miligramu 400 kwa siku. Haya, tupige hesabu ya wikendi yangu. Maini gramu 200 ni takriban 440. Hapo nimeshapita, na figo, supu na nyama bado. Kesho yake omena wakavu gramu 50, ambao ni konzi kubwa tu, kwa kipimo cha Wajapani wangekuwa karibu 370. Bia yenyewe ina purini kiasi, lakini ubaya wake mkubwa ni kwamba pombe huifanya figo ishindwe kuitoa asidi ya yuriki kwa kasi. Ni kama kuongeza maji kwenye beseni huku umekanyaga bomba la kutolea.

Shambulio kuja usiku wa pili baada ya mlo kama huo ni jambo la kawaida kabisa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 uliowafuatilia wagonjwa 633 uliangalia walichokula ndani ya siku mbili kabla ya shambulio. Waliokula purini nyingi zaidi ndani ya siku hizo mbili walikuwa na hatari ya kushambuliwa karibu mara 5 ya waliokula kidogo zaidi, na purini za wanyama ziliumiza kuliko za mimea. Nilipousoma ndipo nilipoanza kuweka daftari. Kila shambulio nilirudi nyuma saa 48 na kuandika nilichokula, nilichokunywa, dawa na safari.

Katika miezi 14 nilishambuliwa mara saba. Mara tano kulikuwa na maini au omena wengi ndani ya siku mbili, na nne kati ya hizo pamoja na bia. Mara mbili hazikuwa na maini wala omena. Moja nilikuwa nimeharisha siku mbili na kukaa kwenye basi bila maji ya kutosha. Nyingine ilikuja baada ya kuanza dawa ya presha aina ya haidroklorothayazidi, ambayo humfanya mtu akojoe lakini huizuia asidi ya yuriki isitoke. Daktari aliibadilisha kwa losatani, ambayo badala yake huishusha kidogo. Ukiwa na gauti na presha, muulize daktari kuhusu dawa unazotumia, lakini usiziache mwenyewe.

Mchicha, sukuma, maharagwe na dengu ni chakula ambacho wengi wetu tumekatazwa kwa jina la gauti, na mimi pia nilikatazwa. Purini za mboga hazijaonekana kuleta gauti zaidi kwa watu wanaozila. Familia inayotegemea maharagwe kwa protini haipaswi kunyimwa maharagwe kwa sababu ya kidole cha baba.

Wala sisemi omena atupwe nje ya nyumba. Ana kalsiamu na madini mengi, na ni nafuu, na kwa watoto wangu yuko mezani kila wiki. Mimi ndiye ninayejipimia. Mama ninayenunua kwake Kibuye hunipimia gorogoro kama kawaida, lakini mimi hujichukulia kijiko kikubwa kimoja au viwili, mara moja kwa wiki, na kamwe si siku moja na nyama nyingi. Purini huyeyuka katika maji, kwa hiyo nawaosha kwa maji ya moto, nawachemsha kama dakika kumi, maji hayo nayamwaga yote, kisha ndipo nakaanga na vitunguu na nyanya. Purini haziishi zote. Zinapungua tu. Kwa sababu hiyohiyo supu ya mifupa na viungo vya ndani si ya kunywa, maana kilichoyeyuka kimo humo. Maini nimeyaacha kabisa, na mtu akinikaribisha kwenye matanga nasema mapema: "Wazee wangu, mimi nipewe nyama ya mguu kidogo na ugali."

Sasa sehemu ambayo ningependa kila mgonjwa aisome. Mara ya kwanza nilipokwenda hospitali nikiwa na uvimbe, nilipimwa asidi ya yuriki nikaambiwa ni 5.8, "kwa hivyo si gauti, ni mguu umetenguka." Nikafungwa bandeji, nikarudi kula maini. Wakati wa shambulio kiwango katika damu huweza kushuka hadi kuonekana cha kawaida, kwa sababu uvimbe wenyewe hubadilisha jinsi figo inavyoitoa. Kipimo cha maana ni cha wiki mbili au zaidi baada ya uvimbe kuisha. Nilipopimwa tena nilikuwa na 9.1. Kipimo chenye uhakika zaidi ni kutoa maji kwenye kiungo kilichovimba na kuziangalia fuwele kwa darubini. Na kiungo kilichovimba ghafla pamoja na homa ni cha kwenda hospitali siku hiyohiyo, kwa maana inaweza kuwa usaha wa vijidudu ndani ya kiungo, ambao huharibu haraka kuliko gauti.

Nikashika mlo kwa bidii miezi mitatu: bila maini, bila bia, omena kama nilivyoeleza, maziwa na maji ya kutosha. Nikapimwa: 8.2. Nilihuzunika, lakini daktari alinieleza kwamba ndivyo ilivyo. Sehemu kubwa ya asidi ya yuriki hutengenezwa na mwili wenyewe kutokana na chembe zake, na chakula huchangia takriban theluthi. Mlo unaweza kushusha kiwango kwa karibu 1 mg/dL. Mtu aliye 9 hawezi kufika chini ya 6, ambako fuwele huanza kuyeyuka polepole, kwa kuacha maini pekee. Lawama ya chakula ni kuhusu shambulio la wiki hii. Mzigo wenyewe umejaa ndani kwa miaka.

Nilianzishwa alopurinoli, dawa ya kushusha asidi ya yuriki, miligramu 100, ikapandishwa taratibu hadi 300, pamoja na kolchisini kidogo ya kuzuia mashambulio miezi ya mwanzo, kwa sababu kiwango kinaposhuka fuwele hutikisika na mashambulio huweza kuzidi kwanza. Mwezi wa pili nilishambuliwa kweli. Ndugu zangu walinishauri niitupe dawa. Sikuitupa, na kwa kweli hata shambulio likija haifai kuiacha ukiwa umeshaianza. Kitu cha kuiacha mara moja ni upele: ukiona ngozi inatoa vipele, rudi hospitali, usingoje kesho. Sasa niko 5.6, na shambulio la mwisho lilikuwa zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Wiki jana nilikula omena wangu vijiko viwili, nikalala, nikaamka saa kumi na mbili kama watu wengine, nikavaa kiatu.