Kadi imeandikwa "Black tie": nivae nini?

Nimealikwa harusi ya jioni London, kadi inasema "Black tie". Nina suti nyeusi na tai nyeusi. Si inatosha? (Msomaji, Tanga)

Haitoshi, ndugu yangu. Tai inayotakiwa hapo ni ya kipepeo, na huvaliwa na koti maalumu ambalo Wamarekani huliita tuksido. Utalitambua kwenye kola: imefunikwa hariri au satini inayong'aa, wakati koti lenyewe halina mng'ao. Suruali yake ina utepe wa kitambaa hichohicho unaoshuka ubavuni kutoka kiunoni hadi chini, na haina vitanzi vya mkanda, kwa sababu mkanda hauvaliwi. Shati ni jeupe, viatu ni vyeusi vya ngozi vilivyong'arishwa vizuri.

Usikimbilie kununua. London yapo maduka yanayokodisha seti nzima. Nenda siku chache kabla ya harusi, uvae kila kitu na usimame mbele ya kioo ukiwa umeteremsha mikono. Ncha ya mkono wa shati ichungulie kidogo, kama sentimita moja hivi. Koti likifunika nusu ya kiganja, omba saizi nyingine. Hapo ndipo vazi la kukodi hujulikana mara moja.

Isome kadi tena pia. Ikiwa imeandikwa "Black tie optional", suti yako nyeusi na tai ya kawaida vinakubalika, na hela ya kukodi ibaki mfukoni.

Yangu inasema "Cocktail attire". Nasikia ni gauni la magotini, nami navaa hijabu. (Msomaji, Mombasa)

Urefu wa magotini ni mazoea tu, dada, wala si sharti. Vaa gauni lako refu la mikono mirefu bila wasiwasi. Kinachoangaliwa ni kitambaa na mshono: krepu, hariri au lesi iliyokaa vizuri mwilini, na mtandio unaoendana nayo. Gauni linaloburuta sakafuni liache, hilo ni la hafla kubwa zaidi. Mumeo avae suti ya rangi iliyokolea na tai.

Na "Smart casual"? (Msomaji, Nakuru)

Shati lenye kola, suruali ya kitambaa, viatu vya ngozi. Koti ni zuri, tai si lazima. Raba, fulana na jinzi iliyochanika viache nyumbani.

Ubalozi umenialika, "Lounge suit or national dress". Kanzu inaruhusiwa? (Msomaji, Unguja)

Inaruhusiwa, mzee wangu, na ningekushauri uivae. Sehemu ya kwanza ya maneno hayo ni suti ya kawaida ya ofisini na tai. Ya pili ni vazi la kwenu, na yote mawili yana heshima sawa. Kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kofia ya viua, na koti juu yake ukipenda. Tai usiifunge juu ya kanzu.