Kubonyeza = mara mbili kwenye kikokotoo cha simu

"Nikijumlisha mauzo na kutoa matumizi, kila nikibonyeza = jumla inazidi kupungua. Tatizo nini?"

Ndugu, simu yako haijaharibika. Vikokotoo vya simu kadhaa, cha iPhone kikiwemo, hurudia hatua ya mwisho kila ukibonyeza = tena. Chukua hesabu hii:

```
45000 + 12000 − 7500 − 2000 =
```

Jibu ni 47,500. Bonyeza = tena, itatoa 2,000 nyingine: 45,500, kisha 43,500. Kwa hiyo bonyeza mara moja, andika jibu daftarini, halafu AC kabla ya hesabu mpya.

Kosa la pili ni gumu zaidi kuliona. Wengi hutaka kutoa matumizi "7,500 na 2,000" wakaandika − 7500 + 2000, kwa sababu wanasoma "na" kama kujumlisha. Utapata 51,500. Kila tumizi liwe na alama yake ya kutoa, au tumia mabano: − (7500 + 2000).

Ukihisi jumla si sahihi, pima tofauti kati yake na jibu ulilotarajia. Ikiwa sawa na namba ya mwisho, ulirudia =. Ikiwa mara mbili ya namba mojawapo, kama 4,000 hapa, kagua kwanza alama ya namba hiyo.