Mteja akikwambia "haya asante", usikate kwanza

> Wakuu nimeanza kazi ya kupokea simu za wateja mwezi huu. Namsaidia mtu vizuri tu, anasema haya asante, nafunga tiketi. Kesho yake anapiga tena shida ileile na bosi ananiangalia mimi. Nyie huwa mnamalizaje maongezi?

Mkuu mi nilikaa miaka minne kwenye dawati la simu la kampuni moja ya sola hapa Mwanza, jina niliache, zile za kulipia kidogo kidogo, paneli juu ya bati, boksi la betri ndani na taa tatu. Wateja wetu wengi wako visiwani na kwenye mialo huko, yaani mtu hawezi tu kuamka akaja ofisini, akitaka kuja inabidi avuke maji. Ndo maana mi nilijifunza hili kwa aibu.

Kuna mama mmoja wa Ukara ana mgahawa jirani na mwalo, anapikia wavuvi wa dagaa. Alipiga Alhamisi saa tisa alasiri, taa haifanyi kazi. Nikamwambia mama angalia waya wa paneli unapoingia kwenye boksi, akasema umelegea kweli, nikamwambia ukaze, akakaza, nikauliza "imewaka?" akasema "imewaka mwanangu, haya asante". Nikafunga. Dakika nne nzima, nikajiona fundi kabisa. Jumamosi akapiga, akapokea mwenzangu, akamkazisha waya uleule, taa ikawaka, akafunga. Jumanne akarudi kwangu, sauti imeshabadilika, hata salamu fupi.

Sa hapo ndo nikafanya kitu nilichotakiwa kufanya siku ya kwanza, nikamuuliza mama, shida yenyewe inatokea saa ngapi? Akasema inazima saa tatu saa nne usiku wakati wavuvi ndo wanakula kabla ya kuingia ziwani. Kumbe! Sisi wote wawili tulikuwa tunapima saa tisa alasiri, jua linawaka, paneli inasukuma umeme moja kwa moja, hata betri iliyochoka itawasha taa hapo. Alivyosema imewaka hakudanganya, ila halikuwa jibu la shida yake. Shida yake ni taa idumu mpaka saa tano usiku, na kitu hicho huwezi kukithibitisha kwenye simu ya mchana, hata ukae naye lisaa.

Kwa hiyo kabla ya kuaga, rudi kwenye sentensi ya kwanza ya mteja, ile aliyofungulia simu, na upime KILE alicholalamikia. Na usiulize "imekaa sawa?" maana watu wetu unawajua, ukimuuliza hivyo anajibu ndiyo kwa heshima tu, au vocha inamuisha, au anaona anakusumbua. Mwambie akusimulie anachokiona. "Mama chomoa waya wa paneli, sasa niambie kwenye boksi kuna taa ya rangi gani?" Akisema nyekundu huku dakika moja nyuma alisema imepona, ujue bado. Yule mama nilimwambia achomoe, taa ikafifia hapohapo tukiwa tunaongea. Betri tupu saa tisa mchana, siku ya jua kali.

Bado ilikuwa haijulikani kama betri imekufa au ilikuwa haishibi sababu ya waya kulegea. Njia ni moja, waya umekazwa, aiache ishibe siku nzima bila kuwasha chochote, afu usiku aone inafika wapi. Maana yake maongezi yanaisha na shida haijaisha, na hapa ndo wengi tunaharibu, tunasema "itakuwa sawa mama usijali" ili simu iishe vizuri. Mi nilimwambia wazi, mama leo hatujamaliza, tumebakiza kupima usiku, ikizima tena nakubadilishia betri, hutaanza kunieleza upya. Na kwenye mfumo sikuiweka imefungwa, niliiweka inasubiri mteja. Bosi wako atapiga kelele kuhusu tiketi zilizo wazi, mwache, tiketi moja wazi siku mbili ni nafuu kuliko simu tatu.

Afu nikamwachia meseji. Meseji ya kawaida, maana simu yake ni ya batani, na ilibidi iingie kwenye herufi 160 isije ikakatika vipande viwili kikafika kimoja:

"Umekaza waya wa paneli. Jumatano usiwashe taa mchana, washa saa 1 jioni. Ikizima kabla ya saa 5 usiku nipigie Alhamisi saa 3 asubuhi, sema namba 418."

Angalia hapo sijaandika "kesho". Zamani nilikuwa naandika kesho, sa simu ya mtu imezima chaji siku mbili, meseji inaingia Alhamisi inamwambia kesho, anapima Ijumaa. Taja siku. Pia kuna kazi moja tu ya kufanya, nilishawahi kumpa mzee mmoja wa Kome mambo manne kwa mpigo, futa paneli, kaza waya, zima redio, hesabu masaa, akafanya la kufuta paneli akaacha mengine, na hata sikuweza kujua kipi kimesaidia. Na ile namba 418 ndo muhimu kuliko unavyodhani, akipokelewa na mtu mwingine haanzi mwanzo, mwenzangu anafungua anakuta "inazima saa 3-4 usiku, waya umekazwa Jumanne, ikizima tena badili betri". Andika hivyo kwenye kumbukumbu, usiandike "mteja amesaidiwa", hiyo haimsaidii yeyote.

Kabla hajakata nikamwomba anirudishie, mama niambie Jumatano utafanya nini? Akasema "nitawasha saa moja". Na mchana? Akakaa kimya kidogo, akacheka, kumbe mchana huwa anachajishia simu za wavuvi kwenye boksi hilohilo, simu sita saba, kila moja mia tano! Sa si ndo hapo betri inapoishia. Nisingeuliza nisingejua, na Alhamisi ningembadilishia betri nzima bure. Nikamwambia Jumatano peke yake awakatalie.

Ile ya "kuna kingine nikusaidie?" iweke mwisho kabisa baada ya hayo yote, ukiitanguliza mteja anajua unamfukuza.

Alhamisi saa tatu ikapita kimya. Kimya usikihesabu kuwa kupona, huwa napiga mwenyewe, ila ukiwa na watu wa mwalo chagua saa, alfajiri boti zinarudi na dagaa hakuna atakayepokea. Nilipiga saa tano asubuhi. Akasema ilifika saa tano na nusu usiku ndo akazima mwenyewe akalale. Nikamuuliza, ulizima wewe au ilizima yenyewe? "Mimi mwanangu, na kidole changu." Basi nikafunga 418, nikamwambia akitaka kuendelea na biashara ya kuchajisha atahitaji betri kubwa zaidi, nikampa namba ya wakala wetu wa Nansio akaulizie bei kwake, sio kwangu, maana mauzo sikuwa na mamlaka nayo.