Ping yako iko vizuri, mbona gemu inakurudisha nyuma?

Hapa Mbeya ukipita kwenye vibanda vya gemu kuanzia Mwanjelwa mpaka Kabwe, neno ni moja: "Ping inazingua." Mchezaji akichelewa kupiga pasi, ping. Akikimbia kisha akajikuta amerudi pale alipotoka, ping. Picha ikiganda, ping tena. Kazi yangu ni kufunga mitandao majumbani na maofisini, na simu nyingi ninazopigiwa na wazazi jioni zinaanza hivyo hivyo. Nikifika, mara nyingi nakuta ping haina tatizo lolote. Kinachosumbua ni kitu kingine, ambacho hiyo namba ya kwenye kona ya skrini haikionyeshi kabisa.

Tuanze na ping yenyewe. Ni kipimo tu. Kifaa chako kinatuma pakiti ndogo kwenye seva, seva inaijibu, na muda wote wa kwenda na kurudi unaandikwa kwa milisekunde. Ni kama kumtuma mtoto dukani na kuangalia saa tangu anatoka mpaka anaporudi. Usichokijua ni kama alichelewa akienda, akirudi, au muuza duka ndiye alikuwa anapiga stori.

Latensi ni ule ucheleweshaji wenyewe, na ni mpana kuliko ping. Kwa mchezaji, latensi yote inaanzia kidole kinapogusa kitufe na kuishia jicho linapoona matokeo. Ndani yake mna padi isiyo na waya, mna konsoli, mna mtandao, mna seva, na mna runinga. Ping inapima kipande cha mtandao peke yake. Runinga nyingi za kisasa huichakata picha kwanza ili ing'ae, na hapo unaweza kuongezewa makumi ya milisekunde ambayo hakuna ping itakayokuonyesha. Kwa hiyo kama gemu ni nzito hata unapocheza na mwenzako mliyekaa naye kochi moja, bila intaneti, acha kuilaumu laini. Ingia kwenye mipangilio ya picha ya runinga, tafuta `Game Mode`, iwashe. Nimeona watu wakibadilisha kampuni ya intaneti kwa tatizo ambalo rimoti ingelimaliza.

Sehemu kubwa ya latensi ya mtandao ni umbali, na umbali haubembelezeki. Mwanga ndani ya faiba unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za waya zinakugharimu milisekunde 1 ya kwenda na kurudi. Ukicheza kwenye seva ya Johannesburg kutoka Mbeya, usiangalie ramani ukajisemea kwamba Afrika Kusini ni hapo tu ukivuka Tunduma. Mara nyingi pakiti inashuka kwanza mpaka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, ndipo inaingia kwenye mkongo wa baharini kuelekea kusini. Ukijumlisha na kipande cha nchi kavu kule mwisho unapata kama kilomita 4,000 na kitu, yaani milisekunde 40 na kidogo hata kama vifaa vyote vya njiani vingekuwa havichukui muda wowote. Ukiona 60 au 70 kwenye skrini, hiyo ni ping nzuri kwa mtu wa huku. Seva za Ulaya ziko zaidi ya kilomita 10,000 kwa njia ya kebo, kwa hiyo kushuka chini ya 100 ni ndoto, ulipe kifurushi cha bei yoyote ile. Hapa ushauri wangu ni mmoja tu: kama gemu inakuruhusu kuchagua eneo, jaribu yote uliyopewa na ubaki na lenye namba ndogo. Basi.

Ucheleweshaji huu ukiwa hautikisiki, mtu anauzoea. Kwenye mpira unajifunza kubonyeza pasi mapema kidogo. Kwenye gemu za bunduki unakutana na kile kisa cha kupigwa risasi ukiwa umeshajificha nyuma ya ukuta. Seva nyingi hurudisha saa nyuma kidogo ili kuangalia aliyefyatua alikuwa anaona nini wakati ule, na kwenye skrini yake wewe ulikuwa bado uko nje. Inaudhi, lakini mtandao haujaharibika.

Upotevu wa pakiti una sura nyingine kabisa. Hapa pakiti haichelewi, haifiki. Gemu nyingi za kasi hutumia UDP, njia ya kutuma data ambayo haina utaratibu wa kurudia kutuma kilichopotea, kwa sababu habari ya mahali ulipokuwa nusu sekunde iliyopita haina faida tena. Ndiyo maana unakimbia, skrini yako inakuonyesha unakwenda, kisha ghafla unavutwa nyuma: seva haikupata amri zako, imekurudisha pale inapoamini upo. Unafyatua, mlio unasikika, adui haumii. Au adui yuko kushoto, unapepesa jicho, yuko kulia. Gemu inayotuma pakiti 60 kwa sekunde ikipoteza moja moja hapa na pale, nyingi zina ujanja wa kuziba pengo hilo na hata hutajua. Zikipotea 10 mfululizo, umekosekana uwanjani kwa sehemu ya sita ya sekunde, na kwa mpinzani aliyekulenga hiyo inatosha.

Kijana wa dada yangu anakaa Soweto, hapa hapa Mbeya. Alinipigia: "Mjomba shikamoo. Ping yangu 68 tu, mbona narudishwa nyuma kila nikikimbia?" Nyumba yao ni ya matofali ya kuchoma, ruta iko sebuleni karibu na runinga, yeye anachezea laptopu chumba cha nyuma, kuta tatu mbele yake. Nilimwambia asiguse gemu kwanza. Afungue `cmd`, lile dirisha la kuandika amri kwenye Windows, aandike `ipconfig`, asome namba iliyo mbele ya `Default Gateway`. Hiyo ndiyo anwani ya ruta. Kwake ilikuwa 192.168.1.1. Kisha aandike hivi:

```
ping -n 200 192.168.1.1
```

Inachukua dakika tatu na kitu. Majibu yalikuja hivi:

```
Packets: Sent = 200, Received = 191, Lost = 9 (4% loss)
Minimum = 2ms, Maximum = 386ms, Average = 17ms
```

Soma taratibu. Pakiti hizi hazijatoka nje ya nyumba. Zinatoka chumbani kwenda sebuleni, na bado tisa zimepotea. Wastani wa 17 unaonekana mzuri kwa sababu zilizopotea haziingii kwenye hesabu ya wastani. Wanaohesabiwa ni waliorudi tu. Halafu iangalie ile 386. Windows inasubiri sekunde 4 kabla ya kukata tamaa, kwa hiyo jibu la milisekunde 386 imelihesabu kuwa limefika. Kwa gemu, pakiti iliyochelewa hivyo ni sawa na iliyopotea. Kwa maana hiyo hali yake ilikuwa mbaya kuliko ile 4% iliyoandikwa.

Nikamwambia abebe laptopu mpaka sebuleni, akae karibu na ruta, arudie. Upotevu sifuri. Akapima kwenda nje, kwenye seva ya Google, `ping -n 200 8.8.8.8`, ikapotea moja tu. Hapo hukumu ikawa imeshatoka: kampuni ya intaneti haina kesi, waifai ndiyo yenye kesi. Matofali yale ni mazito, na kwenye masafa ya 2.4 GHz ruta za majirani zote zinapigiana kelele. Masafa ya 5 GHz yana nafasi zaidi ila yanapenya ukuta vibaya zaidi, kwa hiyo yanafaa ukiwa chumba kimoja na ruta au cha jirani, siyo kuta tatu nyuma. Tulipitisha waya wa mtandao juu ya dari mpaka chumbani. Akapima tena: `Lost = 0`, wastani chini ya milisekunde 1.

Sasa sikiliza kilichotokea kwenye gemu. Ping ilishuka kutoka 68 hadi 62. Kwa anayeangalia namba ile peke yake, tulipoteza muda na hela ya waya. Ila kule kuvutwa nyuma kulikwisha siku hiyo hiyo.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Kinatuma pakiti moja kwa sekunde wakati gemu inatuma makumi kadhaa, kwa hiyo mkatiko mfupi unaweza kupita katikati usionekane. Ukishuku hivyo, washa takwimu za mtandao ndani ya gemu yenyewe, kwani nyingi zina kipengele cha `Packet Loss`, na usome pande zote mbili kama zimetenganishwa. Kinachopotea kwenda kinakurudisha nyuma. Kinachopotea kurudi kinafanya wengine waruke ruke.

Kuna hali ya tatu inayofanana na hizi. Hakuna kinachopotea, lakini ping inatoka 70 inaruka mpaka 400 na kurudi, hasa saa mbili usiku. Kabla ya kwenda mbali, uliza nani hapo nyumbani anapandisha video kwenye simu au simu ipi inahifadhi picha mtandaoni. Njia ya kupandisha huwa nyembamba kuliko ya kushusha, na ikijaa, pakiti za gemu zinapanga foleni ndani ya ruta. Zima hiyo kazi kwa dakika mbili uone. Ping ikitulia, umempata mhusika. Kama ruta yako ina sehemu ya `QoS`, yaani ya kupanga nani apite kwanza, weka kikomo cha kupandisha chini kidogo ya kasi halisi ya laini yako.

Ikiwa kipimo cha ruta kwa waya kinatoa upotevu sifuri na `8.8.8.8` inapoteza asilimia tatu au nne kila jioni, hapo ndipo pa kupiga simu huduma kwa wateja. Watumie vipimo vyote viwili pamoja, vya ruta na vya nje, na saa ulizopima, maana wakiona cha nje peke yake watakuambia uzime ruta uiwashe. Anayetumia laini ya simu ahamishe kwanza ruta dirishani upande wenye mnara, apime, kisha ndiyo apige. Na ipo siku hakuna simu itakayosaidia. Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini, Tanzania nzima ilihangaika, na hata mwenye waya safi mpaka mlangoni mwa ruta hakuwa na la kufanya zaidi ya kucheza dhidi ya kompyuta.