Kusawazisha sauti ya masomo ya video: pima maneno, usipime vilele

Ukipewa klipu za kozi nzima uzisawazishe sauti, kitufe cha kwanza utakachokiona kwenye programu ya kuhariri huenda kikawa Normalize. Hicho hutazama kilele tu, yaani ile sehemu moja ya sauti iliyoruka juu kuliko zote, na kupandisha klipu yote hadi kilele hicho kifike mahali ulipopataja. Sikio halisikii hivyo. Sikio hupima wastani wa maneno kwa muda, na kipimo kinachokaribia usikivu huo ni LUFS.

Chukua masomo mawili ya mwalimu yuleyule. Somo la 3 lina -19.5 LUFS na kilele cha desibeli -3. Somo la 4 alikaa mbali na maikrofoni, likatoka na -27.4 LUFS, kilele chake ni -6.2, lakini hicho si neno, ni kiwiko kilichogonga meza mara moja. Ukisawazisha kwa kilele hadi -1, somo la 3 litapanda desibeli 2 na la 4 desibeli 5.2. Matokeo yake ni -17.5 na -22.2. Bado zimeachana kwa karibu desibeli 5, na mwanafunzi ataigusa simu. Kishindo cha meza kimeamua sauti ya somo zima.

Kwa hiyo chagua lengo moja la kozi yote. Mimi hutumia -16 LUFS kwa masomo yanayotazamwa kwenye simu. -23 ni kiwango cha utangazaji wa televisheni cha Ulaya, na kwenye spika ndogo ya simu husikika chini mno. Kisha pima kila klipu kwa ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa amri za maandishi:

```
ffmpeg -i somo04.wav -af loudnorm=I=-16:TP=-1.5:print_format=json -f null -
```

Mwishoni itakuandikia `input_i`, ambayo ndiyo LUFS ya klipu, na `input_tp`, ambayo ni kilele. Toa: kutoka -27.4 hadi -16 ni desibeli 11.4. Ukiongeza kiasi hicho, kile kishindo cha meza kitafika +5.2 na kukwaruza, kwa hiyo weka nyuma yake limita, yaani kichujio kinachobana vilele vinavyovuka kikomo:

```
ffmpeg -i somo04.wav -af "volume=11.4dB,alimiter=limit=0.84:level=false" somo04_sawa.wav
```

Hiyo 0.84 ni sawa na desibeli -1.5. Usisahau `level=false`, kwa sababu bila hiyo limita hupandisha tena sauti baada ya kuibana na hesabu yako inaharibika. Vilele vya maneno ya mwalimu vilikuwa karibu na -13, kwa hiyo limita haivigusi; inakishughulikia kishindo peke yake. Kama ingekuwa inabana kila sentensi, sauti ingesikika imebanwa kooni, na hapo ni afadhali kurekodi upya. Pima tena faili jipya. Likiwa ndani ya 0.5 ya lengo, endelea na jingine.

Kwa nini nisitumie `loudnorm` yenyewe kupandisha? Ukiiendesha mara moja tu hubadilisha sauti kadiri inavyosonga, na mwalimu akinyamaza kufikiri, feni ya chumbani inaweza kupanda taratibu. Nyongeza moja isiyobadilika haina tabia hiyo. Hata hivyo haifanyi miujiza: feni iliyokuwa -60 sasa iko karibu na -49, na mtu akitoka somo la 3 kwenda la 4 ataisikia. Punguza kelele hizo kabla ya kupima.

Mtego unaowapata wengi ni klipu za chaneli moja. Maikrofoni ya USB mara nyingi hurekodi chaneli moja, huku rekodi ya skrini ikiwa na mbili. Sauti ya chaneli moja ikichezwa kwenye spika mbili huwa juu kwa takriban desibeli 3 kuliko kipimo kilivyoiona, hivyo klipu mbili zenye -16 kwenye karatasi hazitalingana masikioni. Badilisha zote kuwa za chaneli mbili kwanza kwa `-ac 2`, halafu ndipo upime.

Muziki wa ufunguzi nao huingia kwenye wastani. Klipu ya sekunde 60 ikiwa na sekunde 10 za muziki wa -12 na maneno ya -20, kipimo kitasoma kama -17.2. Utaongeza 1.2 tu, ukiamini umemaliza, na mwalimu atabaki -18.8. Klipu fupi ndizo zinazoumia zaidi, maana muziki unachukua sehemu kubwa ya muda. Sawazisha maneno peke yake, kisha ongeza muziki uliokwisha kushushwa, faili lilelile kwa kozi yote. Mimi huuweka kwenye -20, ili mwalimu akianza kusema asionekane amenong'ona.